Mwambie Mhariri Nani Atausoma

"Naomba unirekebishie wasifu wangu uwe mzuri." Ujumbe wa namna hii huingia kwenye simu za wahariri kila leo, ukiwa na kurasa mbili za maisha ya mtu nyuma yake. Nimekaa pande zote mbili za ujumbe huo. Nimeupeleka wasifu wangu na wa watu wengine kwa wahariri, na hapa Kashai, Bukoba, watu hunifuata wakiwa na wasifu wao wakitaka niuguse. Kinachofuata nakijua. Mhariri aliyeambiwa tu "uwe mzuri" hana budi kukisia. Anakisia msomaji, anakisia urefu, anakisia sauti, kisha anafuta au anabadilisha kile ambacho machoni pake kimekosewa. Anachokirudisha kinaweza kuwa Kiswahili safi kabisa na bado kisimfae mwenyewe.

Nazungumzia wasifu mfupi, ule wa aya moja au mbili unaokaa nyuma ya kitabu, kwenye ratiba ya kongamano, kwenye kijitabu cha jubilei ya parokia au usharika, au unaosomwa na mshereheshaji kabla mgeni hajapewa kipaza sauti. Si CV ya kuombea kazi, wala si historia ya marehemu inayosomwa msibani, ingawa hapa Bukoba zote tatu huchapwa steshenari ileile, na mara nyingi moja hunakiliwa kutoka kwenye nyingine. CV humwambia mwajiri uliyoyafanya yote. Historia ya marehemu husomwa mbele ya watu waliomjua. Wasifu mfupi humfikia mtu asiyekujua, naye atakupa nusu dakika.

Jambo hili nililielewa vizuri zaidi kupitia kazi ya mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye nyumba hapa Kashai na kibanja Kamachumu. Mimi humwita Ma, kama tunavyowaita mama zetu wote wa rika lake, naye huniita mwanangu. Ma alikuwa ameandika kitabu kidogo kuhusu kutunza kibanja kilichoingiliwa na mnyauko, ule ugonjwa wa bakteria unaofanya majani ya mgomba yanyauke na ndizi ziive kabla ya wakati huku ndani zimeoza. Mchapishaji, ambaye hakuwa mtu wa huku kwetu, alimwomba wasifu wa kuweka kwenye jalada la nyuma. Ma aliandika maneno kama mia nne kwa mkono, binti yake akayachapa, yakatumwa na ujumbe wa mstari mmoja: naomba uyarekebishe.

Yaliporudi, Ma alikuja nayo kwangu kwenye simu. Alikuwa ametulia, lakini alisema, "Mwanangu, huyu si mimi. Na mimi sijui nimwambieje, maana Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu."

Nilisoma. Wasifu ulianza hivi: "Mwandishi ni mwanataaluma nguli wa elimu aliyebobea, mwenye uzoefu mpana katika sekta ya elimu na kilimo mkoani Kagera, ambaye mchango wake umekuwa chachu ya maendeleo." Ukaendelea kusema kwamba alianza kazi mwaka 1974 "wilayani Missenyi, mkoani Kagera", kwamba baba yake alikuwa karani wa KCU, na kwamba ni mke na mama wa watoto sita. Jina lake la ukoo lilikuwa limebadilishwa R ikawa L. Mgomba haukutajwa popote.

Mhariri yule hakufanya uzembe. Ukimpa mtu maneno mia nne bila kumwambia yanakwenda kwa nani, atafanya kile ambacho wasifu mwingi aliowahi kuuhariri ulitaka, yaani kuinua hadhi, kusawazisha majina ya mahali na ya leo, kutaja familia. Tulichokosa kumpa ni maelezo. Kwa hiyo tulikaa mezani kwa Ma tukaandika barua ya ukurasa mmoja, na barua hiyo ndiyo nataka kuieleza, kwa sababu karibu kila kitu ninachokijua kuhusu jambo hili kilipitia humo.

Tulianza na msomaji. Nilimuuliza Ma nani atakinunua kitabu, akajibu haraka, "Wote." Nikamuuliza tena, sasa nikitaka mtu mmoja: yuko wapi, amesimama au ameketi, anajua nini tayari, anataka kujua nini kuhusu wewe kabla hajatoa fedha yake? Hapo alifikiri. Akasema ni mkulima wa Muleba au Karagwe ambaye tayari migomba yake imeanza kufa, amesoma hadi darasa la saba, amekiona kitabu kwenye duka la pembejeo, anageuza jalada la nyuma akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika dawa ya ng'ombe. Na swali lake ni moja: huyu aliyeandika, yeye ana migomba?

Jibu hilo lilipanga upya wasifu wote. Kama swali la msomaji ni "ana migomba?", basi sentensi ya kwanza lazima iseme ni mkulima wa kibanja na iseme wapi. "Mwanataaluma nguli" halijibu swali la mtu huyu, tena linamsukuma mbali, kwa kuwa ameshawahi kuwasikiliza wataalamu wengi wasio na kibanja. Kwenye barua tuliandika: "Msomaji ni mkulima wa ndizi Kagera, elimu ya msingi, anasoma akiwa amesimama dukani. Anataka kujua kama mwandishi analima ndizi mwenyewe. Ajue hilo kabla ya sentensi ya kwanza kuisha." Mhariri akipata mistari hiyo haulizi tena aanzie wapi.

Wasifu huohuo ungekuwa wa kijitabu cha jubilei kanisani kwake, mambo yangegeuka. Waumini wanajua ana kibanja, wengine wamekula ndizi zake. Wao wangetaka kujua aliimba kwaya lini, aliolewa wapi, watoto wake ni akina nani. Ndiyo maana simshauri mtu kuwa na wasifu mmoja wa kudumu anaoutuma kila mahali. Awe na mmoja mrefu, wake mwenyewe, ambamo hukatwa mwingine kila unapohitajika, na kila mara amwambie mhariri huu umekatwa kwa ajili ya nani. Watoto sita waliondoka kwenye jalada. Ma hakusita: "Watoto wangu hawaponyi mnyauko."

Urefu ulikuwa rahisi zaidi, lakini una mtego wake. Watu husema "ufupishe kidogo" au "aya moja", na aya moja inaweza kuwa maneno hamsini au mia tatu. Toa namba mbili, ya chini na ya juu, na useme zinatoka wapi. Tulimpigia msanifu wa jalada, akasema nafasi aliyobakiza inatosha maneno 120. Nilimuuliza kipimo hicho amekipata kwenye kitabu cha lugha gani. Kilikuwa kimetoka kwenye kitabu cha Kiingereza. Kiswahili hubeba viambishi vingi ndani ya neno moja. "Waliokihamishia" ni neno moja tu kwenye hesabu ya kompyuta, lakini kwenye mstari linakula nafasi ya maneno matatu mafupi ya Kiingereza. Ukihesabu maneno, maandishi ya Kiswahili yatamwagikia chini, na msanifu atapunguza ukubwa wa herufi mpaka mkulima wetu ashindwe kusoma bila miwani. Kwa hiyo tulitoa kipimo kwa herufi: zisizidi 700 pamoja na nafasi kati ya maneno. Programu nyingi za kuchapa huonyesha hesabu hiyo palepale zinapoonyesha maneno.

Kwa wasifu wa kusomwa kwa sauti, kipimo ni muda. Mshereheshaji anayesoma kwa utulivu mbele ya watu humaliza maneno kama 110 au 120 kwa dakika, na majina ya watu na ya mahali humpunguza mwendo. Mwambie mhariri, "Utasomwa kwa sauti, dakika moja," naye atajua kuvunja sentensi ndefu, kuondoa mabano, na kuandika miaka kwa namna ambayo ulimi hautakwama.

Kitu ambacho watu wengi hukisahau katika urefu ni mpangilio wa kukata. Hata ukitoa kipimo sahihi, siku ya mwisho picha ya jalada itapanuliwa na mistari miwili itatakiwa itoke. Atakayeitoa pengine hatakuwa na muda wa kukupigia. Tuliandika: "Ikilazimu kukata zaidi, toa kwanza mwaka wa kustaafu, kisha chuo. Sentensi ya mwisho kuhusu madaftari isiguswe." Bila mstari huo mtu hukata mwisho wa wasifu, kwa sababu mwisho ndio ulio karibu na mkasi, na mara nyingi mwisho ndiko mwenyewe alikoweka jambo analolipenda.

Sauti ndiyo sehemu ngumu kuieleza kwa mhariri. "Iwe ya kitaalamu lakini ya kirafiki" haimwambii chochote, maana kila mmoja ana utaalamu na urafiki wake kichwani. Nimejifunza kutotumia sifa kabisa ninapoeleza sauti. Naweka sentensi mbili, moja tunayoitaka na moja tusiyoitaka, na mhariri anasikia tofauti mwenyewe. Kwa Ma tuliandika: "Tusiseme: mchango wake umekuwa chachu ya maendeleo. Tuseme: alianza kuandika kila alichokiona kwenye migomba yake." Sentensi ya kwanza ni ya mtu anayemsifu Ma kutoka mbali. Ya pili mtu anaweza kwenda Kamachumu akaikagua.

Pamoja na mfano huo, kuna mambo mawili ya sauti ambayo lazima yasemwe wazi. Moja ni nafsi. Je, wasifu useme "nilihitimu" au "alihitimu"? Kwenye jalada karibu wote hutumia nafsi ya tatu, lakini mtu akiandika rasimu kwa "mimi" mhariri anaweza kudhani ndivyo atakavyo. La pili ni vyeo na heshima. Ma alitaka "Mwalimu" libaki mbele ya jina lake, kwa sababu ndivyo anavyoitwa tangu mwaka 1974 na hakuna mtu Kamachumu ambaye angemtambua bila neno hilo. Mchapishaji alikuwa na utaratibu wake wa kutoweka vyeo mbele ya jina kwenye majalada. Hapo barua haishindi kila kitu. Nyumba ya uchapishaji ina haki ya utaratibu wake. Tuliuliza mapema, tukaambiwa cheo hakitakaa juu, lakini "mwalimu mstaafu" linaweza kuja mara tu baada ya jina. Ma akakubali. Angeligundua hilo siku kitabu kimetoka, lingemuumiza.

Sasa nifike kwenye ukweli wa kulindwa, kwa kuwa hapa ndipo wasifu mwingi wa watu wa Kagera huharibika, tena mikononi mwa wahariri wazuri. Mhariri mzuri anakagua. Akiona kitu hakilingani na ramani ya leo, anakisahihisha. Na historia ya mkoa wetu imejaa vitu visivyolingana na ramani ya leo.

Chukua maisha ya Kardinali Laurean Rugambwa, ambayo watoto wengi wa Bukoba na Muleba wanayajua kabla ya kujua kusoma. Alizaliwa Bukongo, Kamachumu, tarehe 12 Julai 1912. Alipata upadri mwaka 1943, akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952, na tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane wa 23 alimfanya kardinali. Mwaka 1968 akawa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, na alifariki tarehe 8 Desemba 1997. Mpe mhariri makini ambaye si wa huku sentensi hizi ndani ya wasifu wa maneno mia, uone kitakachorudi.

Jina lake la kwanza huenda likarudi "Laurian" au "Laurent", kwa sababu yanaonekana ya kawaida zaidi. "Alizaliwa Tanzania" huenda likaongezwa kwa nia njema, ilhali mwaka 1912 eneo hili lilikuwa chini ya Wajerumani. Ukiandika kwamba alipofanywa kardinali alikuwa Askofu wa Rutabo, mhariri ataangalia orodha ya majimbo ya leo, hataona jimbo la Rutabo, naye ataandika Bukoba. Lakini Rutabo ndilo lililokuwa jina la jimbo mwezi Machi 1960; lilibadilishwa kuwa Bukoba mwezi Juni mwaka huohuo. Mwingine atamweka Dar es Salaam moja kwa moja, kwa kuwa ndiko alikojulikana zaidi baadaye, na hivyo kumtangulizia cheo kwa miaka minane. Na nchi aliyotoka siku ile ilikuwa Tanganyika, haijapata hata uhuru. Wasifu utakaosema "Kardinali wa Tanzania, Askofu wa Bukoba, mwaka 1960" utasomeka laini bila mtu kushtuka, na utakuwa na makosa mawili katika mstari mmoja.

Hata neno "wa kwanza" linahitaji kulindwa. Rugambwa anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza mweusi kuwa kardinali katika nyakati zetu. Mhariri anayebana nafasi hukata maneno ya mwisho kwanza, na hapo sentensi inakuwa dai kubwa kuliko tulilokusudia. "Wa kwanza" isiyo na mipaka yake ni hatari kwenye wasifu wowote; wapi, lini, miongoni mwa nani, maneno hayo yafungwe pamoja nalo na mhariri aambiwe yasitenganishwe.

Basi nikirudi kwa Ma, tuliorodhesha mambo yake ambayo hayaguswi, na kando ya kila moja tukaandika sababu kwa maneno machache. Sababu ndiyo inayofanya kazi. Ukimwambia mhariri "usibadilishe" bila sababu, atakuona mkaidi na pengine atakusahihisha kwa siri. Ukimpa sababu, anakuwa mlinzi wako dhidi ya msomaji wa prufu na msanifu watakaomfuata.

Tuliandika kwamba mwaka 1974 Kyaka ilikuwa katika Wilaya ya Bukoba, maana Wilaya ya Missenyi ilikuja miongo kadhaa baadaye, na mkoa ulikuwa Ziwa Magharibi, ambao ulipewa jina la Kagera mwaka 1979, baada ya vita. Tuliandika kwamba chama cha ushirika ambacho baba yake alikipimia kahawa kilikuwa BCU. KCU ni jina la baadaye; vyama vikuu vya ushirika nchini vilivunjwa mwaka 1976, na baba yake Ma alikuwa ameshastaafu. Tuliandika kwamba jina la ukoo lina R, kama lilivyo kwenye cheti chake cha ualimu, na tukaambatisha picha ya cheti. Majina ya Kihaya huteseka sana kwenye R na L, na kwa asiyeijua lugha herufi moja inaonekana ni kosa la kuchapa.

Kwenye hili la kulinda ukweli kuna sharti moja gumu. Ukifunga jambo, umemnyima mhariri nafasi ya kuligundua kama ni kosa. Kwa hiyo usifunge kitu ulichokitoa kichwani tu. Ma alikumbuka kwamba alimaliza Katoke mwaka 1972. Cheti kilisema 1973. Tulifungua bahasha yake ya nyaraka na kupitia mwaka kwa mwaka kabla ya kuandika neno "hayaguswi", na mambo mawili ambayo hatukuyapatia karatasi wala shahidi tuliyaondoa kabisa. Wasifu hauumii ukikosa jambo lisilo na uhakika. Unaumia likiwemo.

Mwishoni mwa barua tukamwachia mhariri uhuru wake, tukiutaja kwa jina: mpangilio wa sentensi, uakifishaji, uchaguzi wa maneno ya kawaida, kuunganisha au kuvunja aya, yote ni yake. Tukamwomba mambo mawili ya utaratibu. Mabadiliko yaonekane kwa rangi, asiturudishie nakala safi peke yake. Na akitilia shaka jambo lolote kwenye orodha ile, aweke swali pembeni badala ya kulirekebisha. Ombi la pili lilituokoa. Swali lake lilikuja jioni ya pili: kwenye rasimu ya kwanza Ma alikuwa ameandika kwamba vita vilipofika Kyaka mwaka 1978 alikimbia na daftari. Daftari gani? Ma alipoulizwa akasema, kana kwamba ni jambo la kila siku, lilikuwa daftari la mahudhurio la darasa lake. Watu walitawanyika kuelekea kusini, wengine hadi Muleba, na watoto walipokusanyika tena aliwaita kwa majina yaliyokuwa humo, na waliokosekana akawatafuta kupitia kwa ndugu zao.

Jambo hilo la mahudhurio halikuwemo katika maneno mia nne ya mwanzo. Ma hakuliona kuwa na maana kwenye kitabu cha migomba. Mhariri aliona, kwa sababu sasa alimjua msomaji na aliijua sauti: mama anayeandika kila kitu kwenye daftari, tangu darasani hadi kibanjani. Hili ndilo linalonifanya niipende barua ya namna hii. Mhariri asiyekisia anapata muda wa kusikiliza.

Wasifu uliochapwa ulikuwa huu, jina nikiliacha kwa heshima yake:

"Mwandishi ni mwalimu mstaafu wa shule za msingi na mkulima wa kibanja Kamachumu, wilayani Muleba. Alihitimu Chuo cha Ualimu Katoke mwaka 1973, akaanza kufundisha Kyaka, wakati huo ikiwa Wilaya ya Bukoba, Mkoa wa Ziwa Magharibi. Vita vilipofika Kyaka mwaka 1978 alihama na daftari la mahudhurio la darasa lake, na watoto walipokutana tena akawaita kwa majina yaliyomo. Alistaafu mwaka 2012. Mnyauko ulipoingia vibanjani, alianza kuandika kila alichokiona: mgomba uliokatwa ua dume kwa kijiti chenye panda, mgomba uliokatwa kwa kisu, na upi ulipona. Madaftari hayo ndiyo chanzo cha kitabu hiki."

Hakuna nguli wala chachu. Ua dume na kijiti chenye panda vimo, na mkulima aliyesimama dukani anavijua, kwa sababu kisu hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba, na mtu asiyelima asingelitaja. Baba yake na BCU havikuingia. Nafasi ilikuwa ndogo, na Ma mwenyewe ndiye aliyesema vitoke. Lakini vilibaki salama kwenye wasifu wake mrefu, vikiwa na jina sahihi, na vilitumika baadaye aliposomewa wasifu kwenye mkutano wa ushirika wa kahawa, ambako wazee ukumbini walitaka kwanza kujua yeye ni mtoto wa nani.

Kwa mkutano huo barua mpya kwa mhariri ilikuwa na mistari mitano tu. Msomaji: wakulima na viongozi wa ushirika, wengi wao wazee. Urefu: dakika moja, kwa sauti. Sauti: ya kumtambulisha mama mbele ya watu wa nyumbani, bila sifa za kumpandisha. Ukweli wa kulinda: BCU, si KCU; R, si L. Ikilazimu kukata: Kyaka itoke, baba abaki.

Kila nakala sasa ina tarehe chini yake, kwa herufi ndogo, ili anayeichukua miaka miwili baadaye ajue "mwalimu mstaafu wa Kamachumu" ilikuwa kweli lini. Na kabla ya kuidhinisha, tunaomba ukurasa wenyewe uliokwisha kupangwa, si maandishi ya kwenye barua pepe, kwa sababu kuna makosa yanayozaliwa hapo tu: mstari wa mwisho uliofichwa na msimbo wa bei, jina lililokatwa katikati na kistari. Ma huusoma kwa sauti, taratibu, kidole kikiwa chini ya kila mwaka, na cheti chake kiko wazi mezani.